Muulize kwanza gari lilileta nini: kuhamisha nyumba kutoka Mtwara hadi Dodoma

*Swali: Mume wangu ni mtumishi wa serikali, amehamishiwa Dodoma na anatakiwa kuripoti mwezi wa tisa. Tuna nyumba ya vyumba vitatu hapa Chikongola, na mimi nashona, nina vyerehani vitatu. Dalali ametutajia 1,500,000, mwenye Fuso wa hapa mjini ametaja 3,200,000 kwa mzigo uleule. Nani anatuibia? Je, tusubiri Desemba watoto wafunge shule? Na jirani ametutisha kwamba vitanda vyetu vya mninga vitakamatwa njiani.*

Dada yangu, inawezekana kabisa hakuna anayewaibia. Wamewatajia bei za safari mbili tofauti, na hakuna aliyewaeleza tofauti yenyewe.

Chukua kalamu tupige hesabu ya mafuta, maana ndiyo mzizi wa bei ya gari lolote la mizigo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na kutoka Dar hadi Dodoma ni kama 450. Jumla ni kilomita 1,010 hivi. Fuso yenye mzigo wa nyumbani hutembea takribani kilomita nne kwa lita, kwa hiyo safari ya kwenda inakula lita 250 na kitu. Tuchukue dizeli kwa shilingi 2,800. Bei ya mwezi wenu mtaiona kwenye tangazo la EWURA, ambalo hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara ina bei zake kwa sababu kuna mafuta yanayoshushwa kwenye bandari ya hapo. Kwa bei hiyo, mafuta ya kwenda peke yake ni kama 700,000.

Sasa yule mwenye Fuso wa Mtwara atalifikisha gari Dodoma, halafu atakuwa ugenini. Asipopata mzigo wa kurudi nao, atachoma 700,000 nyingine akiwa na bodi tupu. Mafuta tayari yamefika 1,400,000, na hujamlipa dereva, tingo, siku tano au sita za gari kuwa nje, matairi, na faida ya mwenye mali. Ndiyo maana ametaja 3,200,000. Anawalipisha safari mbili kwa sababu kwa hesabu yake ni safari mbili.

Dalali wa 1,500,000 ana gari lililo safarini kurudi kwao. Lilileta mzigo Mtwara, limeshalipwa kwa safari hiyo, na chochote linachobeba kurudi nacho ni nyongeza. Bei hiyo si ya ajabu hata kidogo. Swali ni moja tu: gari hilo kwao ni wapi? Magari mengi yanayoingia Mtwara na bidhaa za dukani hutoka Dar, na yakirudi yanaishia Dar. Kama dalali amewatafutia gari la namna hiyo, basi mzigo wenu utafaulishwa: utashushwa kwenye yadi fulani Mbagala au kwingine, utalala hapo siku moja au nne, kisha utapakiwa kwenye gari jingine linalopanda Dodoma. Miaka yote niliyosimamia mizigo ya watu, vioo vya makabati havivunjiki barabarani. Vinavunjika kwenye kufaulisha, mikononi mwa makuli ambao hawakuwepo wakati mnapanga. Hapo pia ndipo mfuko mmoja wa nguo hupotea na kila dereva anamsingizia mwenzake.

Kwa hiyo mpigie dalali umuulize maneno haya haya: "Bodi tutakayopakia Mtwara, ndiyo hiyo hiyo itakayofungua milango Dodoma?" Akisitasita, umepata jibu. Akisema ndiyo, mwambie akuonyeshe karatasi ya mzigo ambao gari limeleta, na jina la mwenye duka aliyeshushiwa.

Njia nzuri zaidi ni kumruka dalali mwanzoni kabisa na kwenda kwa wafanyabiashara. Mtwara inakula mahindi, vitunguu na mafuta ya alizeti vinavyotoka mikoa ya kati. Nenda kwa wauzaji wa jumla wa bidhaa hizo, uwaulize ni nani anayewaletea mzigo kutoka Singida au Dodoma na anakuja lini tena. Dereva wa gari hilo anarudi kwao bara, njia yake ni njia yenu, na mwenye duka anamfahamu kwa miezi au miaka. Gari kama hilo linaweza kuwafikisha moja kwa moja kwa bei iliyo kati ya hizo mbili. Mimi ningelipa hata 2,000,000 kwa gari lisilofaulisha kabla sijalipa 1,500,000 kwa linalofaulisha, hasa nikiwa na vyerehani ndani.

Hapo tunaingia kwenye lile la Desemba, na hapa nawasihi mnisikilize. Kusini bei ya gari inafuata zao. Mwezi wa sita na wa saba ufuta unatoka Lindi, Kilwa na Nachingwea, magari yanabanwa kidogo. Kisha kunakuja utulivu wa Agosti na Septemba. Oktoba minada ya korosho inaanza, na kuanzia hapo hadi karibu na mwaka mpya kila Fuso iliyo nzima ina kazi ya kutoa korosho kwenye vyama vya ushirika vya AMCOS kupeleka maghala makuu, na kutoka maghalani kwenda bandarini. Dereva wa bara aliyezoea kurudi na mzigo wa bei nafuu anaona hapo hapo Mtwara kuna kazi ya wiki tatu. Kwa nini abebe makochi yenu? Gari la kurudi linapotea sokoni, na mnabaki na wale wa bei ya safari mbili, nao wanaongeza.

Juu ya hilo, Desemba mvua za kusini zinakuwa zimeanza, na zinaendelea hadi Aprili au Mei. Barabara ya Mtwara kwenda Dar ni lami tupu, lakini kati ya Lindi na Kibiti kuna mabonde yanayopitisha maji mengi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Kuna njia ya pili, kupitia Masasi, Tunduru, Songea, Makambako na Iringa, lakini inaongeza kilomita zaidi ya 300, na dereva hataizunguka bila kudai pesa za mafuta hayo.

Kwa hiyo shauri langu ni kugawa safari. Mzigo mkubwa uondoke Septemba, kabla mnada wa kwanza wa korosho haujafunguliwa, uende sambamba na mume wako anayekwenda kuripoti. Wewe na watoto mbaki Chikongola na magodoro mawili, jiko, vyombo vichache na cherehani kimoja cha kuendeshea kazi zako. Desemba shule zikifungwa, mnapanda basi na mabegi, na hicho cherehani kinasafiri kama kifurushi. Najua kuishi miezi mitatu kwenye nyumba tupu si raha. Lakini mtakuwa mmepakia wakati wa kiangazi, kwa gari mlilochagua wenyewe. Muda huo pia uutumie kuanza uhamisho wa watoto mapema, maana shule mbili lazima zikubaliane na taarifa zao zihamishwe kwenye mfumo wa PReM. Ukisubiri shule zikifungwa, mwalimu mkuu unayemhitaji naye yuko likizo.

Kuhusu ukubwa wa gari: madereva wanapenda kuongea kwa tani, lakini vitu vya nyumbani ni vyepesi na vinakula nafasi. Hesabu kwa ujazo. Nimechukua nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida nikaipima hivi: seti ya makochi mita za ujazo 5, makabati mawili ya nguo 2.6, kabati la vyombo 1, vitanda vitatu vikiwa vimefunguliwa 1.5, magodoro matatu 2, friji 1, meza ya chakula na viti vyake 2, meza ya televisheni 0.5, maboksi kumi na tano 1.5, vyerehani na meza zake 1.5, mifuko ya nguo 1.2. Inafika karibu 20. Ongeza robo kwa ajili ya mianya, kwa sababu kochi na kiti havipangiki kama matofali, unapata 25.

Kenta yenye bodi ya mita 4.3 kwa 1.9, ikipangwa hadi kimo cha mita mbili, inabeba kama mita za ujazo 16. Haitoshi. Dereva wa Kenta atawaambia "tutabana tu", na siku ya kupakia mtajikuta mnamgawia jirani meza. Fuso yenye bodi ya mita sita kwa 2.2, kwa kimo hicho hicho na kidogo zaidi, inabeba kama 29. Inatosha, na inabakiza nafasi.

Nafasi hiyo inayobaki ndiyo ya kuzungumza mapema, maana dereva hataiacha tupu. Mkimkatalia kabisa, bei inapanda. Mkinyamaza, anaweka anachotaka. Mwanzoni mwa kazi hii nilisimamia mzigo wa familia moja kutoka Lindi, na nilimwacha dereva akaongeza magunia ya chumvi nyuma ya bodi. Niliona ni mzigo mkavu, hauna harufu. Usiku unyevu wa pwani ukaingia, chumvi ikatoa maji, yakatiririka chini ya makabati hadi mbele. Tulipofungua Dar miguu ya kabati ilikuwa imevimba na chini ya friji kulikuwa kumeanza kutu. Mama mwenye nyumba hakunifokea, alishika tu ule mguu wa kabati akaubonyeza kwa kidole. Tangu siku hiyo naandika kwenye makubaliano: nyongeza iwe mzigo mkavu uliofungwa. Chumvi hapana, samaki wakavu na dagaa hapana, saruji hapana, mafuta hapana. Korosho hapana pia, nitaeleza sababu.

Makubaliano yenyewe ni nusu ukurasa, na mnayasaini na mwenye gari au dereva, si na dalali peke yake. Yaandike namba ya gari, jina na namba ya leseni ya dereva, tarehe ya kupakia, kwamba gari halifaulishi, aina ya nyongeza inayoruhusiwa, bei yote pamoja na nani anawalipa makuli pande zote mbili. Halafu malipo. Mmeona mafuta ya kwenda ni kama 700,000, kwa hiyo kiasi hicho ndicho cha kutoa baada ya bodi kufungwa turubai. Si siku mbili kabla, na si kwa simu kwa mtu ambaye hamjaona gari lake. Kinachobaki kinalipwa Dodoma, mzigo ukishashuka. Dereva anayedai vyote kabla ya kuondoka ana shida ya pesa mahali pengine, na shida hiyo itawakuta njiani.

Kabla ya kusaini, angalia bima ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa kutumia namba ya gari, ni kazi ya dakika mbili kwenye simu. Lakini elewa kitu ambacho watu wengi hawakijui: bima ndogo ambayo gari lazima iwe nayo inafidia watu wengine waliodhurika na gari. Makochi yenu yakiungua au gari likipinduka, bima hiyo haiwahusu. Mzigo una bima yake, bima ya mizigo safarini. Muulize mwenye gari kama anayo na akuonyeshe karatasi. Kama hana, ulizeni wakala wa bima gharama ya kukatia safari moja, kisha mlinganishe na thamani ya vitu vyenu.

Sasa karatasi za mzigo. Ya kwanza ni barua ya Afisa Mtendaji wa Mtaa inayosema kwamba familia yenu inahama kutoka Chikongola kwenda Dodoma na vitu ni vyenu, ikiambatana na orodha ya vitu yenye muhuri. Orodha iwe na nakala tatu: moja ya dereva, moja ya mume wako, moja yako. Barua inatakiwa itaje namba ya gari, kwa hiyo huwezi kuichukua kabla ya kupata gari, na ofisi ya mtaa haifunguliwi Jumamosi wala Jumapili. Hapa ndipo watu wanaponaswa: gari linapatikana Ijumaa jioni, wanapakia Jumamosi usiku bila barua, na polisi wa kwanza anayeona makochi yakisafirishwa usiku ana haki ya kuuliza yametoka wapi. Pangeni kupakia Jumanne au Jumatano asubuhi. Ambatisheni nakala ya barua ya uhamisho ya mume wako, na risiti za friji, televisheni na vyerehani kama mnazo. Kama una vitambaa vipya vya biashara, risiti zake za EFD ziwe hapo, maana majora ya vitenge yaliyofungwa hayafanani na nguo za nyumbani.

Jambo jingine kuhusu barua ya uhamisho: kabla hamjachagua gari, mume wako aende kwa mhasibu wake aulize mwajiri analipaje gharama za mizigo na anataka ushahidi gani. Akiambiwa lazima kuwe na risiti ya EFD, basi gari la bei nafuu lisilotoa risiti linaweza kuwa ghali kuliko yote, kwa sababu fedha hizo hamtarudishiwa.

Vitanda vya mninga. Jirani yako hakukosea kuwa na wasiwasi, ila amechanganya mambo. Mbao, magogo na mkaa ni mazao ya misitu, na kusafirisha kunahitaji hati ya kusafirishia inayotolewa na wakala wa misitu, TFS, ile watu wanayoita TP. Kitanda mnacholalia miaka sita, chenye mikwaruzo na misumari ya chandarua, kinaonekana wazi ni cha nyumbani, na kikiwa kwenye orodha yenye muhuri wa mtaa mara nyingi hakisumbui. Shida huanza kwenye fanicha mpya. Watu wengi wanaohama kusini hufanya hivi: wanajua mninga huku ni nafuu, wanamwagiza fundi vitanda viwili na milango ya nyumba wanayojenga, vinapakiwa vikiwa vinanuka vanishi. Kizuizini hivyo vinaonekana ni biashara. Kama mna kitu kipya hata kimoja, au ubao usiofungwa kwenye fanicha, nendeni ofisi ya TFS ya wilaya siku kadhaa kabla ya kupakia, na risiti ya fundi na orodha yenu, muulize wanataka nini na mlipe kinachopaswa kulipwa. Mkaa msiupakie hata gunia moja. Mwuzieni jirani siku hiyo hiyo.

Na korosho. Najua mtataka kuwapelekea watu wa Dodoma zawadi ya kwenu. Pelekeni zilizobanguliwa na kukaangwa, kilo chache, kwenye mabegi. Korosho ghafi zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na gunia linalosafiri nje ya utaratibu huo linahesabiwa kuwa la kangomba, ile biashara haramu ya korosho, na linasimamisha gari zima. Ndiyo maana nimesema dereva asiongeze korosho nyuma ya vitu vyenu: likikamatwa gunia lake, ni makochi yenu yatakayokaa kituoni. Unga na mchele wenu wa jikoni hauna shida.

Vyeti, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki, hati za kiwanja na dhahabu kama ipo havipandi Fuso. Vinakaa kwenye begi la mume wako kwenye basi. Vichwa vya vyerehani vitoe kwenye meza zake, vifunge kwenye mablanketi, viweke kwenye boksi lililobana, kwa sababu kichwa kinachoning'inia kwenye meza yake kikigonga kwa kilomita elfu moja kinapinda mhimili. Mtungi wa gesi uondolewe regyuleta, usafiri umesimama karibu na mlango wa bodi, au uuache na mchukue mwingine Dodoma. Friji isimame wima, mlango ufungwe kwa kamba juu ya kitambaa, na ikifika isiwashwe kabla ya saa kadhaa. Kama ililazwa, isubiri siku nzima.

Mume wako awe Dodoma kabla ya gari, na funguo ya nyumba mkononi, kwa sababu gari likisubiri usiku kucha mtadaiwa. Wakati wa kushusha asibebe kitu. Asimame mlangoni na orodha, kila kinachopita akiwekee alama, na vioo avitazame kabla makuli hawajaondoka. Kikikosekana kitu au kikivunjika, akiandike kwenye nakala ya dereva na dereva asaini hapo hapo. Kisha ndipo atoe pesa iliyobaki.